Kidole kwenye kona ya picha: ukate, unakili, ujaze au uazime?

Kidole au mkanda wa kamera ukishaingia kwenye kona ya picha, zipo njia nne za kuutoa. Unaweza kukata ukingo wote. Unaweza kunakili kwa brashi sehemu nyingine ya picha ile ile na kufunika doa. Unaweza kuzungushia doa mstari na kuiachia programu ijaze yenyewe. Na kama ipo picha ya pili ya tukio lile lile, unaweza kuazima kona yake. Wengi huanza na ya tatu kwa sababu ni ya haraka, na hapo ndipo kona inapobaki na ukungu mwekundu ambao kila mgeni anayeshika albamu anauona kabla ya kuona sura za watu. Nitazilinganisha zote nne kwa picha moja halisi ya kazi, kwa sababu uchaguzi hautegemei programu uliyonayo. Unategemea kilichofunikwa na doa, na umbali ambao doa lenyewe limesambaa.

Picha ni ya dada wawili wazee, imepigwa Forodhani, Unguja, mwaka 2019 kwa kamera ndogo ya mkononi. Nyuma yao kuna Jumba la Maajabu, Beit al-Ajaib, likiwa bado na mnara wake wa saa. Mnara huo ulianguka pamoja na sehemu ya mbele ya jengo tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo hakuna wa kurudi pale kupiga upya. Faili lina upana wa pikseli 4000 na kimo cha 3000. Juu kulia kuna kidole. Chini kushoto mkanda mweusi wa kamera unakatiza kona kwa mshazari. Kwa hiyo picha moja ina maradhi mawili, na utaona kwamba hayatibiwi kwa dawa moja.

Kwanza ujue doa linaishia wapi

Kidole kinachoingia kwenye picha huwa kiko sentimita moja au mbili mbele ya lenzi, nje kabisa ya fokasi. Ndiyo maana hakina mpaka. Kina kiini, ambako kidole kimeziba kila kitu na nyuma yake hakuna taarifa yoyote iliyorekodiwa, halafu kina ukungu, ambako mwanga wa kidole umechanganyika na mwanga wa mandhari. Ndani ya ukungu picha ya kweli bado ipo, ila imepauka na kutiwa rangi. Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Kiini lazima kijengwe upya. Ukungu unaweza kusafishwa, na ukisafishwa unakurudishia picha yako mwenyewe badala ya kubuni.

Jicho huwa linadanganywa kuhusu upana wa ukungu. Kwenye picha yetu, kwa kutazama tu, kidole kinaonekana kuishia pikseli 460 kutoka juu. Nikiweka leya ya muda ya Hue/Saturation, yaani tabaka la marekebisho juu ya picha, na kusukuma Saturation hadi mwisho, wekundu unafika pikseli 610. Hizo pikseli 150 za ziada ndizo zinazoharibu kazi za haraka: mtu anafuta anachokiona, kisha programu inachukua sampuli kutoka kwenye wekundu asiouona na kuupaka tena pale pale. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, sukuma rangi, weka alama mpaka ulipo hasa, kisha ondoa hiyo leya ya muda.

Mkanda una tabia nyingine. Kwa kuwa ni mweusi, ukungu wake hauongezi rangi, unapunguza mwanga tu. Pia mara nyingi mkanda hauli kona yote. Unapita katikati na kuacha pembetatu ndogo ya picha halisi kwenye ncha yenyewe ya kona. Kwetu pembetatu hiyo ina pande za pikseli 200 hivi, na ndani yake yanaonekana mawe ya njia na mistari ya viungo vyake. Usiifute kamwe kwa ajili ya wepesi wa kazi. Hiyo pembetatu inakuonyesha kila mstari unapotoka upande wa pili wa mkanda, na kitu kama hicho kidole hakikupi.

Kukata

Hii ndiyo njia ya uaminifu kuliko zote, kwa sababu haiongezi pikseli hata moja ambayo kamera haikuiona. Kwenye mashindano ya World Press Photo, kwa mfano, kuongeza au kuondoa vitu ndani ya picha ni marufuku, lakini kukata ukingo ili kuondoa vitu vya ziada kunaruhusiwa. Kwa picha ya habari, ya bima, ya ajali au ya kesi, ulinganisho unaishia hapa: kata, au uiache na kidole chake.

Kwa picha ya nyumbani, kukata mara nyingi hakukugharimu chochote, na watu hawalijui hili. Simu na kamera ndogo nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3. Picha ya kuchapisha ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2. Faili la 4000 kwa 3000 likipelekwa kwenye saizi hiyo linabaki 4000 kwa 2667, yaani pikseli 333 za kimo zitakatwa hata usipotaka. Studio ikiachiwa yenyewe, kwa kawaida hugawa mkato huo nusu juu na nusu chini. Ukiwaambia wakate zote 333 kutoka upande wenye kidole, kidole kifupi kinaondoka bila mtu kushika brashi. Na usiogope kupoteza ubora: chapa ya 10 kwa 15 yenye nukta 300 kwa inchi inahitaji takriban pikseli 1800 kwa 1200 tu, kwa hiyo nafasi ya kukata ni kubwa.

Picha yetu haikubali. Ncha ya mnara wa saa iko karibu mno na ukingo wa juu, na kuondoa pikseli 333 huko ni kuukata kichwa mnara ambao ndio uliofanya picha iletwe. Kukata chini kunaondoa miguu ya dada mkubwa, aliyevaa makubadhi mazuri tena. Kukata kulia hadi ukungu uishe kunapita kwenye bega la mdogo. Hapa ndipo kukata kunaposhindwa: kidole kikiwa kirefu kuelekea ndani, au kitu cha maana kikiwa kimegusana na ukingo ule ule.

Hata hivyo usiiache njia hii moja kwa moja. Kukata kidogo ni msaada kwa njia zote zinazofuata, kwa sababu kila pikseli ya kiini inayoondoka kwa mkasi ni pikseli ambayo hutahitaji kuibuni. Kama picha inaweza kutoa pikseli 100 juu bila kuumia, zitoe kwanza, ndipo ujenge kilichobaki.

Kusafisha ukungu, kazi inayotangulia njia zote

Hii haimo kwenye zile nne kwa sababu haiondoi kidole, ila bila yake zile nne zinalemewa. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, rudufu leya, fungua Colors > Curves kwenye nakala, chagua Red na uishushe mpaka ukuta mweupe ulio chini ya ukungu uwe mweupe tena. Kisha rudi Value na uvute sehemu ya giza chini kidogo, kwa sababu ukungu wa kidole hupausha vivuli. Usijali kwamba picha nzima imegeuka ya samawati. Weka maski nyeusi, inayoficha leya hiyo yote mpaka uifungue kwa rangi nyeupe, kwa Layer > Mask, chukua brashi laini kubwa, ya pikseli 300 hivi, kwa Opacity ya asilimia 20, na upake rangi nyeupe kwenye ukungu tu, ukirudia zaidi unapokaribia kiini. Kwenye Photopea na Photoshop ni kitu kile kile kwa leya ya Curves, ambayo huja na maski yake.

Kwenye jumba, ukungu ulifunika nguzo mbili za roshani ya juu. Baada ya kusafisha, nguzo zote mbili zilirudi na kingo zake, pamoja na kivuli cha paa juu yake. Kilichobaki cha kujenga ni kiini peke yake. Kwa mkanda kazi ilikuwa nyepesi zaidi: Value juu kidogo, brashi ile ile, na giza la pembeni mwa mkanda likaondoka kwenye mawe.

Kuna mpaka wa dawa hii. Ukiona kwamba sehemu unayoing'arisha inatoa chembechembe za rangi kuliko maelezo, umeshaingia kwenye kiini. Simama hapo.

Kujaza kwa programu

Photoshop ilipata Content-Aware Fill kwenye toleo la CS5 mwaka 2010. Leo Photopea inayo pia, inafunguka ndani ya kivinjari bila malipo, na picha inabaki kwenye kompyuta yako, jambo la kuzingatia ukiwa na picha za familia za watu. Kwenye GIMP kuna nyongeza ya Resynthesizer inayosakinishwa kivyake, yenye amri ya Heal Selection. Zote hufanya kazi kwa wazo moja: zinatafuta vipande vidogo kwingineko kwenye picha vinavyolingana na mpaka wa doa, na kuvishona humo ndani.

Zinafanya vizuri sana kwenye vitu visivyo na mpangilio: nyasi, mchanga, majani ya mwembe, mawimbi, ukuta wa chokaa uliochakaa. Kidole kikiwa juu ya majani ya mti, chagua njia hii na usijisumbue na nyingine. Tatizo linaanza pale doa linapogusa ukingo wa picha. Doa lililo katikati limezungukwa na picha nzuri pande zote, na programu inajua mstari unaoingia kushoto lazima utokee kulia. Doa la kona lina picha nzuri pande mbili tu. Pande nyingine mbili ni mwisho wa faili. Mstari wa paa unaingia ndani ya doa na programu haina chochote cha kuiambia unatokea wapi, kwa hiyo inaukunja, inaukata, au inaotesha kipande cha dirisha hewani.

Nilipoijaribu kwenye jumba, anga ilitoka safi kabisa. Mstari wa paa ulishuka ghafla, na nguzo ya mwisho ikawa haina chini. Kwa njia hii hiyo ndiyo dalili ya kutazama: fuata kila mstari mnyoofu kwa jicho kutoka ndani ya picha hadi ukingoni, uone kama unafika bila kuvunjika.

Mambo mawili huboresha matokeo. La kwanza, uchaguzi wako uvuke ukungu. Chora kuzunguka doa, kisha upanue kwa pikseli 20 hadi 40, kwa Select > Grow kwenye GIMP au Select > Modify > Expand kwenye Photopea, la sivyo sampuli itachotwa kwenye wekundu. La pili, kwenye Heal Selection kuna kipimo cha umbali wa kuchota sampuli, nacho huanza na pikseli 50. Kwa doa la kona kwenye faili la ukubwa huu 50 ni kidogo mno. Panua hadi 150 au 200, na kama doa limekaa angani, iambie ichote pembeni tu badala ya pande zote, ili isipandishe paa mawinguni.

Kwenye simu, Snapseed ina Healing, lakini haikuruhusu kuchagua sampuli itoke wapi. Inafaa kwa ncha ndogo ya kidole kwenye anga. Ina pia Expand, ambayo watu wachache huihusisha na kazi hii: kata ukingo wenye kidole kwanza, kisha panua turubai upande ule ule kwa chaguo la Smart, nayo itaurefusha ukingo safi uliobaki. Kwa anga, bahari au ukuta mtupu hii inatoka vizuri kuliko Healing, kwa sababu kidole hakipo tena cha kuchafua sampuli. Kwa jengo inarudia madirisha, na marudio hayo yanaonekana.

Kunakili kwa mkono

Hapa kuna brashi mbili ambazo watu huzichanganya, na kwenye ukingo wa picha tofauti yake ni kubwa. Clone inabandika pikseli kama zilivyo. Heal inachukua umbile la sehemu uliyochagua, lakini rangi na mwanga inavirekebisha vifuate kinachozunguka pale unapopaka. Katikati ya picha Heal ni nzuri kuliko Clone. Kwenye kona yenye kidole ni kinyume. Ukipaka Heal huku mabaki ya kidole yakigusana na brashi, inavuta rangi ya kidole ndani ya anga, na unapata lile wingu la waridi ambalo kila ukilipaka linahama tu.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Funika kiini chote kwa Clone kwanza, hadi mwisho wa faili, pasibaki hata pikseli ya kidole. Ikishakuwa safi, hata kama maungio yanaonekana, ndipo upitishe Heal juu ya maungio peke yake. Fanya yote kwenye leya mpya tupu ukiwa umewasha Sample merged, ili ukikosea ufute leya na usiguse picha.

Anga ina mtego wake. Lenzi nyingi hufifisha mwanga kidogo kwenye kona, kwa hiyo anga ya katikati ikibandikwa kwenye kona inakuwa doa jeupe. Chota sampuli mahali palipo na umbali sawa na ukingo, yaani sogea kwa mlalo, usishuke. Mara nyingi kona ya pili ya juu inafaa zaidi: nakili kona ya kushoto, igeuze kwa mlalo, iweke kulia. Kufifia kwa lenzi huwa kunalingana pande zote mbili. Kama jua lilikuwa upande mmoja, mwanga hautalingana, na utahitaji Levels kidogo kuusawazisha.

Kwa mstari mnyoofu, shika sampuli juu ya mstari wenyewe. Kwenye GIMP shikilia Ctrl na ubofye pale paa linapokutana na anga, sehemu iliyo safi, kisha weka Alignment kuwa Aligned. Kwenye Photopea na Photoshop shikilia Alt. Bofyo la kwanza la kupaka ndilo la kupimwa: weka katikati ya brashi kwenye mstari ule ule, mahali unapoingia kwenye doa. Likikaa sawa, mengine yote yatafuata mstari.

Nguzo ndizo zilizonipa kazi. Picha ilipigwa kwa pembeni na mwisho wa kulia wa jumba uko karibu na mpigaji, kwa hiyo nafasi kati ya nguzo inaongezeka kuelekea kulia: pikseli 190, kisha 205, kisha 220. Ukinakili kipande cha kushoto kama kilivyo, nguzo zinakuwa nyembamba pale zinapotakiwa kunenepa, na hata asiyejua kuchora anahisi jengo limepinda. Clone ya GIMP haibadilishi ukubwa. Dawa ni kukata kipande kizima chenye nguzo mbili, kukibandika kama leya, kukikuza hadi asilimia 107 au 108 kila unapohama nafasi moja, kukikalisha kwenye mstari wa paa, na kukiunganisha kwa maski laini. Photoshop ina dirisha la Clone Source ambapo unaandika ukubwa huo moja kwa moja.

Ukilinganisha na kujaza kwa programu, njia hii ilichukua muda mrefu zaidi na matokeo yakawa mazuri mno kwa mtu asiyejua jengo. Paa lilinyooka, nguzo zikakaa. Lakini ni jengo la kudhaniwa, na hilo ndilo lililonifanya niulize kama kuna picha nyingine.

Upande wa mkanda sikusita. Ni mwembamba, pikseli 90 hivi, una picha halisi pande zote mbili, na mawe ya njia yanarudiana. Clone ilifuata kila kiungo cha mawe kutoka ndani hadi kwenye pembetatu, kiungo kimoja kimoja, na Heal ikamalizia. Kwa mkanda unaokatiza kona namna hii, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, hata kuliko picha ya pili.

Kuazima kutoka picha ya pili

Watu wengi hupiga mbili mbili. Swali la kwanza kwa mwenye picha liwe: kadi ya kamera ipo? Kwenye simu, angalia picha iliyotangulia na iliyofuata, na kama ilipigwa kwa mtindo wa picha inayotikisika, kama Live Photo ya iPhone, ambayo hurekodi sekunde 1.5 kabla na baada ya kubofya, pitia fremu zake. Huenda kidole kilikuwa hakijafika. Fremu hizo zina ubora mdogo kuliko picha yenyewe, lakini kwa kona ya anga na paa zinatosha.

Kwa dada zetu ilikuwapo ya pili, iliyopigwa muda mfupi baadaye. Haikutumika kwa sababu dada mkubwa alikuwa amefumba macho. Kona yake ya kulia ilikuwa safi. Na pale juu, ambapo mimi nilikuwa nimejenga anga tupu pembeni mwa nguzo ya mwisho, palikuwa na mkono wa taa ya barabarani ukiingia kwenye picha. Hakuna brashi wala programu ambayo ingeujua. Kama picha ingekuwa ya ukuta wa nyumba ya mtu yeyote, ningeacha anga tupu bila wasiwasi. Kwa jengo ambalo sura yake ile haipo tena, nafuta dhana yangu na kuweka kilichokuwapo.

Hatua si nyingi. Kwenye GIMP chagua File > Open as Layers uilete picha ya pili juu ya ya kwanza, shusha Opacity hadi 50, na uisogeze mpaka paa lifunikane na paa. Usijaribu kulinganisha watu. Mpigaji akisogea nusu hatua, vitu vya karibu vinahama sana na vya mbali vinahama kidogo, kwa hiyo linganisha kwa kitu kilicho nyuma, karibu na doa, na uache vingine vitofautiane. Ikiwa kamera iliinama kidogo, Unified Transform inazungusha na kukuza kwa pamoja. Photoshop inafanya hivi yenyewe kwa Edit > Auto-Align Layers.

Kisha rudisha Opacity 100, weka maski nyeusi, na ufungue kona tu kwa brashi nyeupe. Hapo utaona kasoro inayojitokeza karibu kila mara: kamera ilipima mwanga upya, na ya pili imeng'aa zaidi. Sawazisha kwa Curves kwenye leya ya juu, ukilinganisha mahali patatu: anga, ukuta mweupe na kivuli chini ya roshani. Ukisawazisha anga peke yake, vivuli vitakusaliti. Mpaka wa maski upitishe kwenye mstari uliopo tayari, mfano ukingo wa nguzo, badala ya kuupitisha katikati ya ukuta mtupu ambako mabadiliko madogo yanaonekana.

Njia hii inashindwa pale kilicho chini ya doa kinapokuwa karibu na kamera, au kinapotembea: umati, mawimbi, nguo inayopepea. Kidole juu ya bega la mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwenye lenzi hakiponi kwa picha ya pili, isipokuwa kama mtu huyo na mpigaji wote hawakusogea.

Kuchagua, na kukagua

Mtu akinikabidhi picha, mpangilio wangu ni huu. Nauliza matumizi, ikiwa ni ushahidi au habari, nakata au naacha. Nauliza saizi ya kuchapa, kwa sababu 10 kwa 15 inaweza kumaliza kazi kwa mkato. Nasafisha ukungu. Kilichobaki kikiwa majani, mchanga au anga, najaza kwa programu. Kikiwa mstari au jengo na kuna picha ya pili, naazima. Kama haipo, nanakili kwa mkono. Mkanda unaokatiza kona naunakili kila mara. Kidole kilichofunika sehemu ya uso wa mtu sikijengi kwa njia yoyote kati ya hizi. Naeleza hivyo na kupendekeza kukata au kuchagua picha nyingine.

Ukaguzi uufanye kwa namna mbili. Weka leya ya muda ya Curves na uupandishe mstari wake uwe mkali karibu wima, kwanza kwenye sehemu angavu na kisha kwenye vivuli. Maungio ambayo jicho halikuyaona yatajitokeza kama viraka. Halafu itazame kona kwa ukubwa wa asilimia 100 ukilinganisha chembechembe zake na za jirani. Heal na ukuzaji hulainisha, na kona laini kupita kiasi huonekana imepakwa plasta hata kama rangi ni sahihi. Nyongeza kidogo ya Filters > Noise > RGB Noise, kwenye leya iliyojengwa peke yake, inairudisha.

Kisha kuna mashine ya kuchapa. Chapa isiyo na ukingo mweupe hukuza picha kidogo na kupoteza milimita chache kila upande. Picha ya pikseli 4000 kwenye karatasi ya sentimita 20 ina pikseli 20 kwa kila milimita, kwa hiyo milimita 2 ni pikseli 40 zinazoondoka. Hii picha ya Forodhani ilichapwa 15 kwa 20, saizi yenye uwiano wa 4 kwa 3 inayoiacha karibu nzima. Nilipima kabla: ncha ya mnara ilibaki salama, na mkono wa taa ulibaki unaonekana. Kama mnara ungekuwa karibu zaidi na ukingo, ningeomba chapa yenye mpaka mweupe, ambayo haikati kitu.